Tangazo la sare na madaftari: mzazi anapiga hesabu ya shilingi, asilimia haimsaidii

*Kaka habari za kazi. Nina duka la sare na vifaa vya shule Mbagala Rangi Tatu. Desemba iliyopita nilinunua bando la meseji 500 nikatuma hii kwa wazazi 300: "SHULE ZIMEKARIBIA! 🎒 Punguzo KUBWA mpaka 50% kwa sare, madaftari, begi na vingine vingi. Wahi sasa kabla havijaisha, mtoto wako ang’ae!" Walikuja 9 tu, na wawili tuligombana dukani maana ile 50% ilikuwa ya begi za stoku ya zamani, sare nilishusha elfu moja moja. Alafu bando likaisha kabla sijamaliza orodha. Mwaka huu niandikeje?*

Nzuri dada yangu, na umefanya la maana sana kuiweka meseji yenyewe neno kwa neno, maana wengi wananiambia tu "tangazo langu halikuleta watu" na mi nashindwa kusaidia. Ya kwako nimeihesabu herufi moja moja na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hao wazazi 300 hukuwafikia, uliowafikia ni kama 166. Kwa hiyo wale 9 wametoka kwenye 166, yaani mmoja katika kila watu 18 hivi, na hiyo kwa meseji ya mara moja tu mi sioni kama ni aibu. Ngoja nikuonyeshe bando liliishia wapi alafu ndo tuje kwenye maneno.

Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, na nafasi kati ya maneno, nukta na koma zote zinahesabiwa. Lakini hiyo 160 ni kwa herufi za kawaida tu. Ukiingiza kitu kimoja ambacho hakimo kwenye hizo herufi za kawaida, meseji NZIMA inahamia kwenye mtindo mwingine ambao unabeba 70 tu, na ikizidi 70 inakatwa vipande vya 67. We uliingiza vitu viwili. Cha kwanza kile kibegi cha emoji, hicho peke yake kinahesabiwa kama herufi mbili. Cha pili ndo watu hawakijui kabisa: kile kikoma cha juu kwenye "ang’ae". Ukikiangalia vizuri kimepinda, ni kile ambacho simu au kompyuta inakiweka yenyewe ukiandika ng’ombe, ng’aa, ng’oa. Kilichonyooka hiki ' hakina tatizo, kilichopinda ndo kinahamisha meseji yote. Na sisi Waswahili maneno yenye ng' tunayo mengi kwa hiyo hili linatukuta sana.

Sasa meseji yako ina herufi 136. Vipande viwili vya 67 ni 134, umezidi kwa mbili tu, ikaenda vipande vitatu! Kila mzazi amekula meseji tatu kwenye bando lako, na 500 gawanya kwa 3 ndo unapata hao 166. Ungetoa kibegi na ile nafasi yake ukabaki na 133, bado kile kikoma kilichopinda kingekula meseji mbili. Ungetoa vyote viwili ingekuwa meseji moja kwa kila mtu, wazazi wote 300 wangepata na zingebaki 200 za kukumbushia. Kwa hiyo mwaka huu ukiandika, ukurasa wa kutumia bando mara nyingi una kaunta inayoonyesha idadi ya herufi na idadi ya vipande, iangalie kabla hujabonyeza. Ukiona herufi 100 imeandika vipande viwili ujue kuna kitu kimejificha, tafuta emoji, tafuta vikoma na alama za kunukuu zilizopinda, na ile mistari mirefu ya katikati. Kama uliandika kwanza kwenye WhatsApp au kwenye kompyuta ukakopi, hapo ndo vinapoingilia.

Haya, tuje kwenye maneno yenyewe.

Mzazi wa Mbagala akipata meseji yako Desemba kichwani ana hesabu moja tu, huyu mtoto mpaka anakaa darasani itanitoka shilingi ngapi. Ada kwenye shule za serikali ilishaondolewa lakini sare, viatu, begi na madaftari vimebaki kwake, na vyote vinakuja wiki hizo hizo baada ya sikukuu. Sasa ukimwambia "mpaka 50%" hujamjibu. Hajui 50% ya nini, hajui bei ya mwanzo ilikuwa ngapi, na hilo neno "mpaka" ameshalizoea, anajua maana yake kuna kimoja kimepunguzwa sana na vingine hapana. Wale wawili uliogombana nao usiwachukie, walisoma 50% ikafuatiwa na neno "sare" wakapanda daladala kwa hesabu hiyo. Begi iliandikwa ya tatu. Ungekuwa we ungeelewa hivyo hivyo.

Na hapa niseme wazi, hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ndo inayoisimamia. Sisemi watakuja Rangi Tatu kesho asubuhi, nasema tu usiandike kitu ambacho mteja akikusomea mbele ya kaunta utabaki unajieleza.

Badala ya asilimia chukua daftari tukae tupige hesabu. Nitatumia bei za mfano, we weka za kwako, cha muhimu ni njia. Tumchukue mtoto wa darasa la kwanza wa kike. Shati jeupe mbili za 9,000 inakuwa 18,000. Sketi za bluu mbili za 10,000 ni 20,000. Sweta moja 14,000. Soksi jozi mbili 4,000. Penseli, raba na kichongeo tuviweke pamoja 2,000. Hapo tumefika 58,000. Ongeza madaftari dazani moja kwa 500 kila moja, 6,000. Jumla yote 64,000, hiyo ndo bei ya siku ya kawaida dukani kwako.

Sasa upande wako. Tuseme vyote hivyo bei ya jumla Kariakoo pamoja na usafiri vimekutoka 45,000, ndani yake madaftari ni 4,400. Faida yako kabla ya pango na mengine ni 19,000. Ukiamua kumpunguzia mzazi 6,000 kwenye 64,000 hiyo ni asilimia 9 na kidogo, andika "punguzo la 9%" uone kama kuna mtu atainuka kitini. Lakini hiyo hiyo 6,000 ni dazani nzima ya madaftari. Mwambie mama "ukichukua sare ya mtoto kwa 58,000, madaftari 12 unaondoka nayo bure" na ameelewa pale pale, anayaona, anajua bei yake kwa mangi wa mtaani, anajua hiyo safari ya steshenari ameshaikwepa.

Na kuna jambo jingine hapo ambalo wenye maduka wengi hawalihesabu. Wateja wako wengi wa sare nadhani hawanunui madaftari kwako, wananunua barabarani au kwa mangi. Mzazi wa namna hiyo ukimpunguzia 6,000 taslimu kwenye sare, inakutoka 6,000 kamili. Ukimpa madaftari yanayouzwa 6,000 inakutoka 4,400 uliyonunulia. Yeye amepata kile kile, we umebaki na 1,600 ya ziada kwa kila mtoto. Ila kama mteja ni wa wale ambao madaftari wangechukua kwako tu, basi hiyo faida ndogo haipo, umepoteza 6,000 ile ile, kwa hiyo kumbuka vizuri wateja wako ni wa aina gani kabla hujaamua.

Sharti moja kubwa. Hizo 500 za daftari na 58,000 za sare ziwe bei ulizouza kweli mwezi wa kumi na wa kumi na moja, usipandishe Desemba ili upate pa kushushia. Nilimwandikia tangazo mwenye duka mmoja miaka ya nyuma, akaniambia weka bei ya zamani 75,000 nipige mstari niandike 64,000 chini yake, na mi kwa haraka sikumuuliza kama aliwahi kuuza 75,000. Akaja mama mmoja na lisiti ya mwezi wa saba, seti ile ile, 64,000. Akaisoma kwa sauti duka limejaa. Watu walitoka bila kununua na mi niliumia kwa sababu yale maneno niliandika mimi. Tangu hapo sikuandikii bei ya zamani mpaka unionyeshe kitabu cha mauzo.

Kwa hiyo meseji yako mi ningeiandika hivi:

```
Mzazi wa darasa la 1-3: shati 2, sketi/kaptula 2, sweta, soksi 2, penseli = 58,000. Madaftari 12 (ya 6,000) unapewa bure. Mwisho 31 Des. Rangi Tatu. 07XXXXXXXX
```

Hiyo ni herufi 159 pamoja na namba ya simu ya tarakimu kumi, inaingia kwenye meseji moja kwa kubanana. Jina la duka halimo kwa sababu linakaa juu kwenye jina la mtumaji, ambalo halizidishi herufi 11, kwa hiyo kama jina lako ni refu tafuta kifupi ambacho wateja wanakuita. Utaona pia hakuna "wahi sasa" wala "mtoto ang'ae", nimevitoa kwa sababu vinakula nafasi ambayo bei ingekaa. Tarehe ya mwisho inatosha kumharakisha mtu, ila iwe ya kweli, tarehe 1 Januari akija mtu umwambie ofa imekwisha, ukimpa na yeye basi mwakani hakuna atakayeiamini tarehe yako.

Nimeandika darasa la 1 mpaka la 3 kwa makusudi. Sketi ya mtoto wa miaka 6 na ya miaka 13 hazilingani kitambaa wala bei, ukiandika "sare za shule zote 58,000" atakuja mzazi wa darasa la saba na utaanza tena ugomvi wa mwaka jana. Na kabla hujatuma hesabu stoku kwa saizi, usihesabu kwa jumla. Unaweza kuwa na mashati 80 ukajiona uko vizuri, kumbe 60 ni ya watoto wakubwa na ya miaka 6 na 7 yamebaki kumi. Kwenye sare kinachowahi kuisha ni saizi, na mzazi aliyekuja kwa ofa akakuta saizi ya mtoto wake haipo anaondoka anasema umemdanganya hata kama ofa ilikuwa ya kweli. Saizi ikiisha katikati ya wiki, wazazi wa saizi hiyo unawatoa kwenye orodha ya kutumiwa siku hiyo hiyo.

Kuna mzazi mwingine hutaki kumkosa, yule ambaye sweta ipo, dada mtu ameiacha. Huyo seti ya 58,000 hamuhusu na akisoma meseji anaona ofa sio yake. Mwandalie ndogo: shati 2 na sketi 2 kwa 38,000, anapewa madaftari 4. Hayo madaftari manne yanakutoka kama elfu moja na mia tano hivi. Kwenye meseji haitaingia lakini kwenye WhatsApp iweke, pale una nafasi.

Na kwa kuwa WhatsApp una nafasi, hapo ndo uongelee kuokoa hela kwenye sare kwa namna ambayo mzazi mwenyewe anaijua. Sare ya bei rahisi ambayo inabana mwezi wa sita sio rahisi, kila mama analijua hilo. Kama fundi wako anaacha pindo kubwa chini ya sketi na kaptula, pima kwa futi uandike: "Sketi ina pindo la inchi 2 ndani, mtoto akirefuka unafumua unashusha." Mwaka mzima wa sketi ya pili ameuokoa hapo, na hicho ni kitu ambacho anaweza kukigeuza akakiona kwa macho pale pale dukani. Kama pindo ni nusu inchi usiandike, zungumza na fundi kwanza. Hivyo hivyo "haipauki" na "haichuji". Chukua sketi moja, iloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni pamoja na kitambaa cheupe, asubuhi angalia kitambaa. Kikitoka na bluu, hilo neno hulitumii, na mi ningemrudia aliyeniuzia kitambaa kabla ya mzazi hajanirudia mimi na shati jeupe lililoharibika.

Ya WhatsApp ingekuwa kitu kama hiki, piga na picha ya seti yote imetandazwa juu ya meza, vitu vyote vinaonekana na idadi yake:

"Habari mzazi. Sare ya mtoto wa darasa la 1 mpaka 3 ipo tayari: shati 2, sketi au kaptula 2, sweta 1, soksi jozi 2, penseli, raba na kichongeo, yote 58,000. Ukichukua seti hii madaftari 12 unapewa bure, hayo tunauza 6,000. Kama sweta unayo, chukua shati 2 na sketi 2 kwa 38,000 upewe madaftari 4. Sketi ina pindo la inchi 2 la kushusha mtoto akikua. Tuandikie umri wa mtoto tukuambie kama saizi ipo kabla hujatoka nyumbani. Ofa mwisho tarehe 31 Desemba."

Ile sentensi ya "tuandikie umri wa mtoto" usiitoe, inakufanyia kazi tatu: mzazi hapotezi nauli, we unajua saizi gani inatafutwa, na akishaandika mmeshaanza kuongea. Emoji kwenye WhatsApp weka ukitaka, hazikugharimu kitu.

Begi zako za stoku ya zamani zenye 50% ziandikie tangazo lake peke yake. "Begi za mwaka juzi, zilikuwa 20,000 sasa 10,000, zimebaki 14." Bei weka zile ulizouzia kweli na idadi iliyopo kweli. Hapo asilimia 50 ni ya haki na hakuna wa kukugombeza.

Muda. Usitume wote siku moja. Wazazi wenye mshahara, Desemba mara nyingi hela inaingia kabla ya Krismasi na sikukuu zinaila haraka, kwa hiyo watumie siku ile ile unaposikia mishahara imetoka. Wazazi wa biashara ndogo ndogo wao hela ni ya kila siku, hao 58,000 kwa mkupuo ni mzigo hata ukiwapa madaftari dazani mbili. Kwa hao anza Oktoba au Novemba, "weka 10,000 tukutunzie seti ya mtoto, malizia kidogo kidogo mpaka 31 Desemba", na uwape karatasi yenye saizi, kiasi na tarehe, na seti uifunge kweli uandike jina juu, usiuze kwa mtu mwingine. Wazazi wa kidato cha kwanza waache kwanza. Hao wanasubiri majina ya waliochaguliwa, alafu fomu ya kujiunga ya shule yenyewe, ambayo ndo inasema rangi ya sketi, aina ya sweta na kauntabuku ngapi. Ukiwatumia mapema hawawezi kununua, na akinunua kwa kubahatisha alafu shule ikataka rangi nyingine atarudi kwako. Waandikie baada ya fomu kutoka: "Leta fomu ya shule, tukupigie hesabu ya vitu vyote bila malipo." Kwa hao mi naona hiyo inavuta zaidi ya punguzo, maana orodha ile inawatisha.

Namba za wazazi umezipata wapi? Kama ni za wateja wako waliokupa wenyewe na wakakubali kutumiwa ofa, sawa. Kama mwalimu alikupa daftari la darasa, achana nazo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mzazi alimpa mwalimu namba kwa ajili ya mtoto wake sio kwa ajili ya duka. Weka daftari kaunta, kila anayenunua muulize kama anapenda kujulishwa, aandike mwenyewe namba na mtoto yuko darasa la ngapi. Hiyo safu ya darasa ni dhahabu, mwakani unajua nani anaingia la kwanza na nani anakwenda sekondari, hutumi meseji ya kaptula kwa mzazi wa kidato cha tatu.

Mwisho wa yote pima. Gawa orodha mara mbili, watu 150 watumie ya madaftari bure, 150 wengine watumie ya kupunguziwa 6,000 taslimu, vitu vile vile tarehe ile ile. Dukani kila anayekuja muulize ameona meseji gani, piga kistari kwenye daftari. Akija wa kundi moja akasema jirani yake kaambiwa ile nyingine na yeye anaitaka, mpe, zote zina thamani moja kwake. Baada ya siku nne tano utajua wa Rangi Tatu wanavutwa na ipi, na zile meseji 200 zilizobaki kwenye bando zitumie kwa ile iliyoshinda, kwa wale ambao hawajaja tu. Tuseme bando limekutoka shilingi 20 kwa meseji, zote 500 ni 10,000, na seti moja baada ya kutoa madaftari inakuachia 13,000, kwa hiyo mzazi mmoja tu akija gharama ya kutuma imerudi. Ukishahesabu stoku kwa saizi niandikie na bei zako halisi, tuiandike upya ile meseji pamoja ibaki ndani ya 160.